SOMO LA MAKATIBU: NENOSIRI LA KIWANDANI LIBADILISHWE KABLA KAMERA HAIJAUNGANISHWA

Kamera za ulinzi, mashine ya kurekodi picha zake, ruta na hata soketi inayowashwa kwa simu huingia sokoni kwa njia moja: nyingi hutoka kiwandani na jina na nenosiri vilivyokwisha kuwekwa. Mara nyingi ni `admin` na `admin`, au `12345`. Maneno hayo huchapwa katika kitabu cha maelezo, hivyo anayeijua aina ya kamera anao na ufunguo wake.

Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilitumia udhaifu huo. Ilizunguka katika intaneti ikijaribu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo 60. Kila kifaa kilichofunguka kiligeuzwa chombo cha kushambulia mitandao ya wengine. Mwishoni mwa mwaka huo vifaa vya namna hiyo viliishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, na mwaka 2019 mhusika alifungwa Uingereza.

Chukulia chama cha wakulima wa kahawa Mbinga kimenunua kamera nne za ghala. Fundi akiunganisha intaneti kwanza ili mwenyekiti aone picha akiwa Mbamba Bay, dakika chache zatosha mgeni kuingia. Utaratibu ulio sahihi ni huu. Mashine iwashwe bila waya wa intaneti. Katibu aingie kwa nenosiri la kiwandani kupitia kioo cha mashine yenyewe, kisha aweke jipya lenye herufi zisizopungua 12, lisilo jina la chama wala namba ya simu. Atoke, ajaribu lile la zamani. Likikubali, badiliko halikushika. Likikataa, ruta nayo ifanyiwe vivyo hivyo, ndipo waya uchomekwe. Soketi za simu kwa kawaida hufunguliwa kwa akaunti ya simuni. Nenosiri lake nalo liwe la pekee.

Iwapo kamera ilikwisha kuunganishwa, ichomolewe intaneti na umeme. Mirai hukaa katika kumbukumbu ya muda, hivyo hufutika kifaa kizimwapo. Lakini hurudi upesi iwapo nenosiri ni lile lile.

Mambo mawili huwaponyoka wengi. Kitufe cha kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani hurudisha na nenosiri la zamani, kwa hiyo fundi akikibonyeza, kazi ianze upya. Tena, baadhi ya kamera za bei nafuu zina nenosiri la pili la ndani lisiloweza kubadilishwa. Kamera ya namna hiyo isipewe intaneti kabisa. Irekodi ghalani tu.

Nenosiri liandikwe, litiwe katika bahasha na kufungiwa kwenye sefu ya chama. Katibu akiondoka madarakani, libadilishwe siku ya makabidhiano.