Ukubwa wa Fungu: Modeli Isome Mifano Mingapi kwa Hatua Moja?

Ukifundisha modeli kwa PyTorch, mapema tu utakutana na mstari kama huu:

```python
DataLoader(data, batch_size=64, shuffle=True)
```

Namba 64 ni ukubwa wa fungu, yaani idadi ya mifano ambayo modeli huipitia kabla ya kurekebisha vigezo vyake mara moja. Ukiibadilisha bila kugusa kitu kingine, unaweza kupata modeli tofauti kabisa.

Njia tatu za kushuka

Chukua MNIST, mkusanyiko wenye picha 60,000 za mafunzo za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Ukitumia data zote kwa pamoja, modeli hupitia picha zote 60,000 ndipo ipige hatua moja. Ukitumia mfano mmoja mmoja, mzunguko huohuo mmoja huzaa hatua 60,000. Ukitumia mafungu ya 64, unapata hatua 938, na fungu la mwisho linabaki na picha 32. Njia hii ya kati ndiyo inayotumiwa zaidi, kwa sababu kadi ya michoro huchakata picha 64 kwa wakati mmoja badala ya kuzipitia moja baada ya nyingine.

Kelele inatoka wapi

Tuseme tuna mifano minne na kigezo kimoja. Wa kwanza unataka kigezo kiongezwe 6, wa pili kipunguzwe 2, wa tatu kiongezwe 4, na wa nne kibaki kilipo. Wastani wa yote ni kuongeza 2, na huo ndio mwelekeo sahihi kwa data nzima.

Ukichagua mfano mmoja kwa bahati na ukaangukia wa pili, utarudi nyuma. Ukichagua wawiliwawili, kuna jozi sita zinazowezekana, na wastani wake ni 2, 5, 3, 1, 2 na −1. Tano zinakupeleka upande sahihi na moja tu inakupotosha. Ukijumlisha zote sita na kugawa kwa sita, unarudi kwenye 2 ileile. Kwa hiyo fungu dogo halidanganyi kwa wastani. Linayumba tu, na kuyumba huko ndiko kunakoitwa kelele.

Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa fungu: ili uipunguze kwa nusu, fungu liwe kubwa mara nne. Kutoka 64 hadi 256 unalipa hesabu mara nne kwa kila hatua, ili kuyumba kupungue kwa nusu tu.

Yote haya yanategemea mifano kuchanganywa. Picha zikipangwa sifuri zote kwanza, fungu zima litakuwa la sifuri na litaivuta modeli upande mmoja. Ndiyo kazi ya `shuffle=True`.

Kelele na data ngeni

Mwaka 2016 Nitish Keskar na wenzake walionyesha kwamba mafungu makubwa huwa yanaishia kwenye mabonde membamba ya kosa, na madogo kwenye mabonde mapana. Data ngeni hulisogeza bonde kidogo. Katika bonde jembamba, kusogea huko kunatosha kupandisha kosa sana. Katika bonde pana, kosa hubadilika kidogo.

Lakini kelele siyo sababu pekee. Fungu kubwa pia hupiga hatua chache kwa mzunguko, hivyo modeli inaweza kuwa haijafika tu. Mwaka 2017 Priya Goyal na wenzake walifundisha ResNet-50 kwa mafungu ya picha 8,192 bila kupoteza usahihi. Walipozidisha fungu la 256 mara 32, walizidisha pia kasi ya kujifunza mara 32, kutoka 0.1 hadi 3.2, wakiipandisha taratibu katika mizunguko mitano ya kwanza ili mafunzo yasivurugike.

Ufanyeje

Anza na 32 au 64. Ukiongeza fungu mara mbili, jaribu kuongeza kasi ya kujifunza mara mbili. Ukilipunguza kwa sababu kumbukumbu haitoshi, ipunguze kasi kwa kiasi hichohicho. Kanuni hii huvunjika mafungu yakizidi kuwa makubwa, kwa hiyo usiitegemee bila kupima.

Kisha tazama mistari miwili ya kosa. Kosa la mafunzo likirukaruka huku wastani wake ukishuka, iache modeli iendelee. Likirukaruka bila kushuka, punguza kasi au kuza fungu. Kosa la mafunzo likishuka laini huku la uthibitisho likibaki juu kuliko ulivyopata kwa fungu dogo, linganisha kwanza kwa idadi sawa ya hatua, si ya mizunguko. Pengo likibaki hata hapo, rudi kwenye fungu dogo.