Mali kauli kwa maduka manane: hatari yake ni kiasi gani?

Mfanyabiashara wa jumla ametoa mali kauli kwa maduka 8. Kwa uzoefu wake, kila duka lina uwezekano wa asilimia 2 wa kushindwa kulipa mwisho wa mwezi. Je, uwezekano wa angalau moja kushindwa ni upi?

Jumlisha tu: 8 mara 2 ni asilimia 16. Jibu haliwezi kuzidi hapo, hata kama maduka yanategemeana. Maduka mawili yakianguka pamoja, tukio hilo limehesabiwa mara mbili. Kwa hiyo jumla huzidi ukweli, haipungui.

Mwitalia Carlo Emilio Bonferroni alichapisha mwaka 1936 njia ya kupata pia kiwango cha chini: toa uwezekano wa kila jozi kuanguka pamoja. Maduka 8 yana jozi 28. Kama hayategemeani, kila jozi ni asilimia 0.04, zote 1.12. Basi jibu liko kati ya 14.88 na 16. Hesabu kamili ni kama 14.92.

Tahadhari: yakiwa yote katika soko moja, ambapo moto mmoja huunguza wote, jozi inaweza kufika asilimia 1. Ukitoa 28 kwenye 16 unabaki na hasi 12, kiwango cha chini kisichosema kitu. Ile 16 ya juu bado inasimama. Lakini kwa maduka 50 jumla ni 100, nayo haikuambii lolote.

Anayetaka hatari yote isizidi asilimia 5 agawe kwa 8: kila duka lisizidi 0.625.