Rafiki Amlete Rafiki: Zawadi Ilipwe Lini?

Somo la biashara ndogo

Katika somo hili tunamtazama msusi wa nywele anayefanya kazi nyumbani kwake hapa Castle Vale. Ni mfano tuliouunda, lakini hesabu zake ni za kawaida. Kusuka kichwa kimoja ni pauni 50. Rasta zinamgharimu pauni 10, kwa hiyo anabaki na pauni 40 kwa saa tano za kazi. Mteja mzuri hurudi kila baada ya wiki nane hivi, yaani mara sita kwa mwaka.

Msusi anataka wateja wake wawalete marafiki zao. Anatangaza hivi: mgeni anapunguziwa pauni 15 mara ya kwanza, na aliyemleta anapewa pauni 10 mkononi siku hiyo hiyo. Watu wanakuja haraka. Ndani ya miezi miwili amepata wageni kumi. Mwezi wa nne anafungua daftari na kuona waliorudi ni wawili tu.

Tuhesabu alichotoa. Kila mgeni alimgharimu pauni 25, na kwa wageni kumi ni pauni 250. Katika kila kichwa alibaki na pauni 15 kwa saa tano, ambayo ni pauni 3 kwa saa. Na kwa kuwa waliobaki ni wawili, kila mteja wa kudumu amemgharimu pauni 125. Wale wanane hawakufanya kosa lolote. Walifuata bei, na mwingine alipotangaza bei ya chini zaidi, wakaenda huko.

Kosa liko kwenye wakati wa kulipa. Zawadi ililipwa mgeni alipofika, wakati msusi alichokuwa anakitaka ni mgeni arudi.

Mfano tunaoufahamu: M-Pesa

Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, ilihitaji watu wajisajili kwa wingi. Iliruhusu mteja amtumie fedha hata mtu asiyejisajili, lakini kwa bei tofauti. Kumtumia aliyejisajili kulikuwa shilingi 30. Kumtumia asiyejisajili kuligharimu zaidi ya mara mbili ya hapo, ingawa mpokeaji mwenyewe alichukua fedha zake kwa wakala bila kukatwa kitu.

Tazama jambo hili lilivyofanya kazi. Mpokeaji aliionja huduma bure. Mtumaji naye akawa na sababu ya kumpigia simu ndugu yake na kumwambia, "Jisajili basi, unanigharimu." Faida ya mtumaji ilipatikana kila alipotuma tena, na asiyetuma hakupata kitu. Kwa hiyo aliyejitahidi kuleta watu ni yule aliyekuwa anaitumia huduma kweli, na aliwaleta watu ambao naye angeendelea kuwatumia fedha.

Tuurudie mpango wa msusi

Sasa msusi wetu anabadilisha mambo mawili.

Kwanza, mgeni analipa bei kamili. Zawadi yake ni kurekebishiwa nywele za mbele bure baada ya wiki nne. Kila anayesukwa anajua kwamba nywele za pembeni mwa uso ndizo hulegea mapema. Kazi hiyo inachukua nusu saa na rasta kidogo zilizobaki. Kwa anayetaka nywele zake zidumu, hiyo ni zawadi nzuri. Kwa anayetafuta bei ya chini tu haina mvuto mkubwa, naye hatakuja kwa ajili yake. Zaidi ya hayo, inamrudisha mgeni kwenye kiti, na hapo msusi anaweza kumuuliza, "Dada, nikuwekee siku gani ya kusuka tena?"

Pili, aliyemleta hapewi fedha mkononi. Anapunguziwa pauni 10 kwenye kichwa chake mwenyewe, na punguzo hilo linaanza mgeni wake anaporudi kusukwa mara ya pili kwa bei kamili. Hivyo hatamleta kila mtu anayekutana naye. Atafikiria ni nani kati ya rafiki zake anayesuka mara kwa mara na anayefika kwa wakati.

Tuchukulie wageni ni wale wale kumi, na wanaorudi ni wawili tu kama mwanzo. Punguzo ni pauni 20 kwa jumla. Kama wote kumi walikuja kurekebishwa, ametumia saa tano. Kila mteja wa kudumu amemgharimu pauni 10 na saa mbili na nusu, badala ya pauni 125. Huenda watakaokuja kwa mpango huu wakawa wachache kuliko kumi. Hilo si hasara, kwa sababu asiyerudi hamgharimu fedha.

Maneno ya kumwambia mteja

Yawe mafupi ili ayakumbuke na ayaeleze vilevile kwa rafiki yake:

"Mlete rafiki. Yeye atarekebishiwa nywele za mbele bure baada ya wiki nne. Akirudi kusuka tena ndani ya miezi mitatu, wewe unapunguziwa pauni 10."

Ule muda wa miezi mitatu ni muhimu. Bila muda, mtu atakuja mwakani kudai punguzo la mgeni ambaye humkumbuki.

Panapoharibika

Jambo la kwanza ni ujanja wa kubadilishana. Dada wawili ambao tayari ni wateja wako wanasema kila mmoja amemleta mwenzake. Dawa yake ni daftari: andika jina la mgeni, namba yake ya simu kwa ruhusa yake, na aliyemleta, siku ile ile anapofika mara ya kwanza. Aliyekwisha kuandikwa si mgeni. Na watu wawili wakidai mgeni mmoja, anayehesabiwa ni yule aliyetajwa na mgeni mwenyewe siku hiyo.

La pili ni ukimya. Aliyeleta mtu anangoja, hasikii kitu, anadhani umemdhulumu. Mgeni akirudi, mtumie ujumbe jioni hiyo hiyo: "Rafiki yako amerudi leo, punguzo lako liko tayari."

La tatu ni saa zako. Kabla ya Krismasi na Idi, wageni wanaweza kujaza nafasi za wateja wako wa zamani. Wiki hizo usimamishe mpango, na uwaambie watu mapema.

La nne ni kodi. Andika kiasi ulicholipwa kweli: kama mteja amepunguziwa, andika pauni 40, si 50. Mapato ya biashara yakizidi pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, kabla ya kutoa gharama, kwa kawaida unapaswa kujiandikisha HMRC. Na kama familia inapokea Universal Credit, unachopata unakitangaza kila mwezi.

Utajuaje kama unafaa?

Usiangalie wageni wangapi wamekuja. Angalia mara ya tatu. Kufikia hapo mgeni ameshapata zawadi yake, na rafiki yake ameshapunguziwa. Akija tena kwa bei kamili, amekuja kwa ajili ya mikono yako. Lakini kama wengi wanarudi mara ya pili kisha wanapotea, huenda wanamsaidia rafiki apate punguzo. Hapo hamishia punguzo kwenye mara ya tatu.

Zoezi: Chukua biashara yako, iwe kushona, kupika sambusa kwa oda au kusafisha nyumba. Andika unabaki na kiasi gani kila mteja anapokuja. Kisha tafuta zawadi moja ambayo mteja wa mara moja haina maana kwake, lakini anayerudi ataifurahia.