Barua Pepe Nusu Kwenye Seva, Nusu Kwenye Wingu: Mwongozo kwa Ofisi za Kakonko, Kibondo na Kasulu

Mashirika mengi yanayofanya kazi katika nyanda za juu za Kigoma yana ofisi zaidi ya moja kando ya barabara ya Nyakanazi kwenda Kigoma. Ofisi kuu huwa mji mmoja, matawi yakawa miji mingine, na barua pepe za wote hukaa kwenye seva moja, yaani kompyuta kubwa inayohudumia nyingine, ndani ya ofisi kuu. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Exchange ya Microsoft. Makala haya yanaeleza namna ya kuwaacha baadhi ya wafanyakazi kwenye seva hiyo na kuwahamishia wengine kwenye wingu, yaani seva za Microsoft zinazofikiwa kwa intaneti, huku wote wakibaki na anwani za aina moja.

Kama unafanya kazi halmashauri au taasisi nyingine ya umma, anza kwa kuuliza kitengo chako cha TEHAMA. Serikali ina mfumo wake wa barua pepe, GMS, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Mwongozo huu ni wa mashirika binafsi, ya dini na ya hiari.

Nani abaki, nani ahame?

Tuchukue mfano wa kubuni. Shirika lina wafanyakazi 20: 12 wako Kakonko, ilipo seva, na 8 wako Kibondo na Kasulu. Umeme ukikatika Kakonko na seva ikazima, wale 8 hawapati barua hata kama kwao umeme upo na intaneti ni nzuri. Hao ndio wa kwanza kuhamishiwa kwenye wingu.

Mhasibu na mtunza ghala wa Kakonko wao huandikiana wenyewe kwa wenyewe kutwa nzima. Masanduku yao yakiwa kwenye seva ya hapo hapo, wataendelea kuandikiana hata intaneti ikikatika, mradi seva ina umeme. Ukiwahamisha, kiambatisho kitakachotoka meza hii kwenda meza ya pili kitasafiri mpaka nje ya nchi na kurudi, na kitakula kifurushi mara mbili. Waache walipo.

Kuna kundi la tatu: mkurugenzi anayesafiri, na katibu muhtasi anayemtunzia kalenda. Mkurugenzi anafaa wingu. Lakini usimhamishe peke yake. Ruhusa ya mtu kutuma barua kwa jina la mwenzake husumbua pale mmoja akiwa kwenye seva na mwingine kwenye wingu, hivyo wanaoshirikiana sanduku au kalenda wahamishwe usiku mmoja. Katika mfano wetu basi, 10 wanahama na 10 wanabaki.

Nahitaji nini, na ni gharama gani?

Kwanza, seva iwe ya toleo linalotunzwa. Exchange 2016 na 2019 zilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na toleo lililochukua nafasi yake ni Exchange Server SE. Hili lina uzito wa pekee kwa anayechanganya seva na wingu, kwa sababu Microsoft ina utaratibu wa kupunguza kasi na hatimaye kuzuia barua zinazoingia kwenye wingu kutoka seva zilizopitwa na wakati. Mwenye 2019 anaweza kupandisha toleo juu ya seva ile ile. Mwenye 2016 lazima asimike seva mpya kwanza.

Pili, uwe na anwani ya intaneti ya umma isiyobadilika. Laini ya kawaida ya simu haikupi anwani hiyo, kwa hiyo uliza TTCL, inayoendesha Mkongo wa Taifa, au mtoa huduma wako, kuhusu huduma ya ofisi yenye anwani ya kudumu, na uombe bei kwa maandishi. Milango miwili itafunguliwa kwenye anwani hiyo: namba 25 kwa barua na namba 443 kwa uhamishaji. Ukishindwa kufungua 443, programu ya usanidi hukupa njia iitwayo Hybrid Agent, ambapo seva yako ndiyo inayotoka kwenda kwa Microsoft. Njia hiyo hata hivyo haikuondolei haja ya mlango 25.

Tatu, upate cheti cha usalama kutoka kwa mtoaji anayetambulika duniani. Cheti ambacho seva imejitengenezea yenyewe hakikubaliki.

Nne, leseni za wingu. Mpango mdogo wa Exchange Online huuzwa takriban dola 4 za Marekani kwa mtu kwa mwezi kabla ya kodi, hivyo watu 10 ni dola 40 hivi. Kabla ya kulipa, omba kutambuliwa na Microsoft kama shirika lisilo la kibiashara. Mashirika yanayokidhi vigezo hupewa Microsoft 365 Business Basic bila malipo, kwa hadi watu 300. Leseni za seva na za wale wanaobaki juu yake ni gharama nyingine.

Tano, sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Fungua ukurasa wa mipangilio ya shirika kwenye Microsoft 365, soma sehemu ya `Data location` uone barua zako zitahifadhiwa wapi, kisha uwasiliane na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kuhamisha masanduku yenye taarifa za wagonjwa au wakimbizi.

Barua za kutoka nje ziingilie wapi?

Kwenye jina la shirika lako mtandaoni kuna kumbukumbu iitwayo MX, inayoiambia dunia pa kufikisha barua. Unaweza kuielekeza Kakonko au kwenye wingu. Ukiielekeza Kakonko, siku seva imezima wafanyakazi wa Kasulu hawatapata barua yoyote ya nje, na faida ya kuwahamisha itakuwa imepotea. Ielekeze kwenye wingu.

Ukifanya hivyo, barua za wale 10 waliobaki zitapokelewa na wingu kwanza, kisha zitumwe Kakonko. Seva ikiwa imezima, wingu huzishikilia kwa saa 24 na kuendelea kujaribu. Saa hizo zikipita, mtumaji hurudishiwa barua yake na ujumbe kwamba muda umekwisha. Hiki ndicho kipimo cha kupanga umeme wako: betri ya UPS itoshe kuizima seva taratibu ili hifadhi yake isiharibike, na jenereta iweze kuiwasha angalau saa moja hivi kila siku ili mlundikano uingie. Kuona kinachosubiri upande wa Kakonko, andika `Get-Queue`. Upande wa wingu, fungua `Message trace`.

Nahamishaje?

Anza na Microsoft Entra Connect, programu ya bure inayonakili orodha ya watumiaji kutoka seva kwenda wingu kila baada ya dakika 30. Unapoisimika, weka alama kwenye kipengele cha `Exchange hybrid deployment`. Kisha endesha Hybrid Configuration Wizard, inayounganisha pande mbili hatua kwa hatua. Hakikisha pia umeunda ile programu maalumu ya Exchange hybrid ambayo Microsoft inaitaka tangu mwishoni mwa 2025. Bila hiyo, watu wa seva hawataona nafasi kwenye kalenda za watu wa wingu.

Sasa piga hesabu ya intaneti. Tuseme kila sanduku lina GB 3, na kasi ya kupandisha unayoipata kweli ni megabiti 2 kwa sekunde. Masanduku mawili, yaani GB 6, yatachukua karibu saa 7. Ukianza saa nne usiku utamaliza saa kumi na moja alfajiri, kabla watu hawajaingia ofisini. Kwa watu 10, weka usiku tano.

Tengeneza faili lenye kichwa `EmailAddress` na anwani mbili chini yake, kisha andika amri hii upande wa wingu:

```
New-MigrationBatch -Name Kasulu1 -SourceEndpoint Kakonko -TargetDeliveryDomain mfano.mail.onmicrosoft.com -CSVData ([System.IO.File]::ReadAllBytes("C:\kasulu1.csv")) -AutoStart
```

`Kakonko` hapo ni jina ulilolipa kituo cha uhamishaji. Umeme ukikatika katikati usianze upya, kwani kazi itaendelea ilipoishia. Wakati barua zinanakiliwa, mwenye sanduku anaendelea kulitumia. Nakala ikikamilika, kamilisha jioni watu wakiwa wametoka:

```
Complete-MigrationBatch -Identity Kasulu1
```

Asubuhi Outlook itawataka wafunge na kufungua tena. Wape leseni zao kabla ya siku 30 kupita. Asiye na leseni baada ya hapo hufungiwa sanduku.

Kosa gani hutokea zaidi?

Ni mtu mmoja kuwa na masanduku mawili. Hutokea pale mfanyakazi anapoundwa moja kwa moja kwenye wingu na kupewa leseni, kisha mtu mwingine akamfungulia sanduku kwenye seva. Dalili yake ni hii: barua za wenzake wa Kasulu hazioni, lakini za Kakonko anazipata, na hakuna aliyerudishiwa barua. Hakikisha kwa kuandika amri hii pande zote mbili:

```
Get-Recipient afisa@mfano.or.tz | fl RecipientTypeDetails
```

Jibu la `UserMailbox` litoke upande mmoja tu. Aliyebaki Kakonko aonekane `MailUser` kwenye wingu. Aliyehama aonekane `RemoteUserMailbox` kwenye seva. Ukiona `UserMailbox` pande zote, usifute chochote kabla hujatoa nakala ya barua za sanduku la wingu.

Kinga yake ni kumwanzisha kila mfanyakazi mpya kwenye seva ya Kakonko, hata kama sanduku lake litakuwa la wingu:

```
New-RemoteMailbox -Name "Afisa Kasulu" -UserPrincipalName afisa@mfano.or.tz -Password (Read-Host -AsSecureString)
```

Subiri dakika 30 orodha inakiliwe, ndipo umpe leseni. Kwa sababu hiyo hiyo, usibadilishe jina au anwani ya mtu kwenye wingu. Badilisha kwenye seva.

Nitunze vipi?

Andika tarehe ya kuisha kwa cheti na uifuatilie mwezi mmoja kabla, maana kikiisha, barua kati ya pande mbili zinaweza kusimama. Weka masahihisho ya Exchange kila yanapotoka. Siku ukiwahamisha hata wale 10 wa mwisho, usiing'oe seva wala kuifuta kabla hujasoma maelekezo ya Microsoft ya kuiondoa, kwa kuwa orodha ya anwani za shirika bado inasimamiwa kutoka hapo.

Na kama ofisi yako haina mtu wa kuiangalia seva kila wiki, usianze mpangilio huu. Wahamishie wote kwenye wingu.