Sigara Ndani ya Gari Lililoegeshwa, Watoto Wakiwa Nyuma

Mama ameshuka Kariakoo kununua vitambaa, akaaga kwamba anarudi sasa hivi. Baba amebaki ndani ya IST na watoto wawili kiti cha nyuma. "Sasa hivi" ya Kariakoo tunaijua. Baba anashusha kioo cha upande wake, anawasha sigara na kuutoa mkono nje, akiamini kwamba watoto wamesalimika. Tupige hesabu.

Sigara moja ikiungua hadi mwisho hutoa kama miligramu 10 za chembe laini, zile ndogo zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Hewa iliyomo kwenye gari dogo ni kama mita 3 za ujazo, wakati chumba cha kawaida cha kulala kina kama 30. Vioo vikiwa vimefungwa, kila mita ya ujazo ya hewa ya gari hilo itabeba mikrogramu 3,000 na ushee. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15. Kweli, dakika chache si saa 24, na vipimo hivyo viwili havilingani moja kwa moja. Lakini sigara huungua kwa dakika saba hivi, kwa hiyo dakika ya kwanza tu imeshamwaga mikrogramu zaidi ya 400 katika kila mita ya ujazo. Na mtoto mchanga hupumua kwa kasi ya angalau mara mbili ya mtu mzima, tena amefungwa mkanda, hawezi kusogea.

Sasa kioo kimefunguliwa. Tuseme kimeondoa sehemu tisa kati ya kumi za moshi, na hapo tumekipendelea. Bado zinabaki mikrogramu 300. Gari likitembea, upepo unaokwenda kasi hubadilisha hewa ya ndani haraka. Likisimama, hakuna kinachousukuma moshi nje ila upepo wa barabarani, nao hauna ratiba. Ukivuma kutoka upande wa dereva, unaurudisha moshi ndani, unapita juu ya kiti chake na kutua nyuma. Usipovuma, moshi wenye joto hupanda darini na kusambaa taratibu.

Kupulizia nje nako hakutoshi, kwa sababu moshi mwingi hautoki mdomoni mwa mvutaji. Unatoka kwenye ncha inayofuka kati ya mvuto mmoja na mwingine. Kutoa mkono nje husaidia kiasi, mpaka mkono urudi mdomoni. Kiyoyozi kikiwekwa kwenye kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kinawapoza watoto kwa moshi uleule. Wala usiiamini pua yako: imeshazoea. Anayejua ni mama atakayefungua mlango.

Kwa hiyo, sigara ivutiwe nje. Lakini watoto wasiachwe peke yao ndani, maana kwenye jua la Dar gari huwa tanuri kwa dakika chache, na kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi mengi. Kama kuna mtu mzima mwingine, abaki nao wewe utembee. Kama upo peke yako, ngoja mama arudi. Akisharudi, sema tu, "Mama Asha, kaa nao kidogo, nakuja." Usisimame mlangoni wala kuegemea boneti. Nenda zaidi ya mita mbili, na hatua kumi ni bora, upande ambao upepo hauelekei garini. Ukimaliza, zima kipisi na utoe pumzi ndefu mara kadhaa kabla ya kurudi, kwani mapafu hubaki na moshi wa mvuto wa mwisho.

Uingereza, ambako pia kuna familia zetu, ubishi wa vioo ulimalizwa kisheria. Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, England na Wales ni kosa kuvuta sigara ndani ya gari lililofunikwa lenye mtu aliye chini ya miaka 18. Kosa linabaki hata vioo vikiwa wazi, na hata mvutaji akiwa amekaa kwenye mlango uliofunguliwa. Miongoni mwa yaliyoachwa ni gari la kufunua paa, paa likiwa limefunuliwa lote.

Na kama teksi imekuja inanuka moshi mbichi? Usiwapakie watoto kwanza. Mwambie dereva, "Kaka, samahani, tufungue milango yote hewa ipite, nina watoto." Milango minne ikiwa wazi kwa dakika chache hufanya kazi ambayo kioo kimoja hakiwezi, ingawa harufu iliyoshika vitambaa vya viti itabaki. Hiyo huondolewa kwa kuosha viti, mazulia na kitambaa cha darini, na kumwaga majivu yote. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo huifunika tu.