Barua ya dada kwa nduguye: kusoma ushawishi na kujibu maswali

Soma barua ifuatayo polepole, mara mbili. Mara ya kwanza fuata kisa. Mara ya pili jiulize, kwa kila aya, dada anataka nduguye afanye nini na anatumia nini kumfikisha hapo.

Kwako mdogo wangu,

Mama amenipigia simu mara tatu tangu Jumamosi. Mara mbili alilia tu. Ya tatu ndipo aliponieleza kwamba ulizabwa kofi kwenye steji mbele ya wenzako, ukavuliwa jaketi na kupekuliwa kama mwizi, abiria wakipiga picha. Na kwamba Jumatatu hela za chama zilipatikana kwa mweka hazina, hazijapungua hata shilingi. Mwenyekiti akacheka, akasema mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Sitakwambia usahau. Anayekuambia usahau, kofi halikumpata yeye.

Lakini Mama ameniambia pia kwamba kuna petroli chini ya kitanda chako, ilhali pikipiki yako haina hata tone. Nakujua. Nimekubeba mgongoni.

Leo kila mtu hapo sokoni anajua kwamba ulisingiziwa. Huo ndio utajiri uliobaki nao. Ukiichoma pikipiki yake usiku, asubuhi watasema, "Kumbe alikuwa mhalifu kweli." Utakuwa umemfulia yeye nguo kwa maji yako.

Nataka ufanye jambo gumu zaidi. Mkutano wa chama ni Jumapili. Simama pale pale ulipopigwa, mbele ya wale wale, udai akuombe radhi kwa kinywa chake. Mjomba atakuwa nawe, nimeshazungumza naye. Akikataa, nendeni kwa chifu pamoja na wale waliopiga picha.

Petroli itie kwenye tangi, uende kazini. Mkopo wa pikipiki hiyo una jina langu pia.

Dada yako.

Kwanza, jambo dogo. Barua hii haina anwani wala tarehe kwa sababu tunaichukulia kuwa imetolewa ndani ya hadithi. Ukitakiwa kuandika barua ya kirafiki katika karatasi ya kwanza, usiige hilo: sura ya barua hutuzwa, na ukiikosa hukupunguzia alama.

Sasa tuingie ndani. Watahiniwa wengi wakikutana na barua kama hii huandika kwamba dada "anamshauri nduguye asilipize kisasi". Ni kweli, lakini hakuna mtahini atakayekupa alama nyingi kwa hilo, maana ni muhtasari tu. Angalia mpangilio wa hoja zake. Hasemi neno lolote dhidi ya kisasi hadi amekwisha kukiri kwamba nduguye ameonewa. Neno la mwenyekiti ni kwamba mambo "yamekwisha", na aya inayofuata inafunguka kwa "Hayajaisha". Kwa neno hilo moja dada anahama kutoka upande wa wanaotaka kimya na kusimama upande wa aliyeumizwa. Kijana mwenye hasira hatamsikiliza mtu mpaka ajue yuko upande gani. Laiti dada angeanza na petroli, barua ingechanwa kabla ya aya ya tatu.

Kisha tazama petroli yenyewe. Dada hasemi "najua unapanga kuchoma pikipiki". Anaweka vitu viwili kando kwa kando, petroli chini ya kitanda na tangi kavu, kisha anaongeza "Nakujua". Msomaji ndiye anayeunganisha. Huu ni udokezi, na una kazi mbili: unatufichulia nia ya kijana ambaye hatumsikii akisema lolote, na unamwacha kijana huyo na heshima yake, kwa kuwa hajashtakiwa kwa jambo ambalo bado hajalifanya. Amekwisha kushtakiwa bure mara moja wiki hii.

Kiini cha barua ni ile sentensi ya kufua nguo. Hebu tuitumie kwa swali la dondoo.

"Utakuwa umemfulia yeye nguo kwa maji yako."
(a) Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)
(b) Fafanua tamathali iliyotumika. (alama 2)

Katika (a), taja msemaji, msemewa, mahali au njia ya mawasiliano, na sababu. Jibu zuri ni hili: Ni maneno ya dada mkubwa. Anamwandikia nduguye mdogo, mwendeshaji wa boda boda. Yamo katika barua anayomtumia baada ya kusikia habari kutoka kwa mama yao. Anamwonya asiichome pikipiki ya mwenyekiti aliyemzaba kofi hadharani kwa wizi ambao hakuutenda. Kosa la kawaida hapa ni kusema dada "yuko sokoni" kwa kuwa soko limetajwa. Barua haituambii aliko, kwa hivyo usimbunie mahali.

Katika (b), ni istiara. Nguo chafu ni hatia ya mwenyekiti, na maji ni jina safi la kijana. Uchomaji ungemtakasa mwenyekiti na kummalizia kijana kitu pekee alichobaki nacho. Kutaja "istiara" bila kueleza kinachofananishwa na kingine hukupa nusu ya alama tu.

Swali linalowatenganisha wanafunzi ni la sifa: Je, dada anajali nduguye au anajali mali yake? Jadili. Sentensi ya mwisho ndiyo inayolizua. Baada ya maneno yote ya upendo, anataja mkopo. Wapo watakaosema hapo ameifichua nia yake halisi. Hoja hiyo inakubalika, mradi uinukuu sentensi hiyo na uonyeshe kwamba ameiweka mwishoni, mahali panapokumbukwa zaidi. Mimi naisoma vingine. Pikipiki inayotajwa ni ya nduguye, si ya mwenyekiti, na mkopo wenye majina mawili unamaanisha kwamba kijana akifungwa, dada ndiye atakayelipa. Anamwambia kwamba kisasi chake hakitakuwa chake peke yake. Tena hakuishia kwenye maneno: amekwisha kuzungumza na mjomba. Mtu anayejali mali tu angeuliza habari za mkopo katika aya ya kwanza.

Waweza kuchukua upande wowote kati ya hizo mbili. Neno "jadili" linakutaka uonyeshe pande zote mbili kabla ya kuamua, na kila hoja iwe na ushahidi kutoka kwenye barua, si kutoka kwa dada zako nyumbani.

Jizoeze na haya, kila jibu lisizidi nusu ukurasa:

1. Picha za abiria zimetumiwaje kujenga kinaya katika barua hii? (alama 4)

2. Dada anapendekeza radhi iombwe "pale pale" na "mbele ya wale wale". Eleza umuhimu wa takriri hii ukirejelea namna kijana alivyodhalilishwa. (alama 4)

3. Mwandikie dada jibu, ukiwa ndiye nduguye, jioni ya Jumapili baada ya mkutano ambao mwenyekiti alikataa kuomba radhi.