Noeli Haihami, Idi Inahama: somo kwa vijana wa sekondari

Katika sura ya sikukuu ninayoandaa, sitaki kuandika kwamba Idi el-Fitri ni sikukuu ya Aprili. Sentensi hiyo huzeeka upesi. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi wa angani: kila mwezi una siku 29 au 30, na miezi 12 hufanya siku 354 hivi, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. (Kiswahili kinamrahisishia mwalimu kazi: neno «mwezi» lataja kinachoonekana angani na pia kipimo cha muda.)

Zoezi. Mwaka 2024, Saudia na Moroko zilisherehekea Idi tarehe 10 Aprili. Chukueni kalenda ya 2025, wekeni kidole kwenye 10 Aprili, kisha rudini nyuma siku 11. Mtafika 30 Machi. Saudia ilisherehekea siku hiyo. Moroko ilisherehekea tarehe 31. Hesabu yenu ni sahihi, lakini inakadiria tu. Mwezi usipoonekana jioni ya siku ya 29, Ramadhani hutimizwa siku 30.

Na Noeli? Kwa Wakatoliki na Waprotestanti ni 25 Desemba kila mwaka. Kanisa la Kimbangu, hapa kwetu Kongo, huiadhimisha 25 Mei, tarehe aliyozaliwa Dialungana, mwana wa Simon Kimbangu, mwaka 1916. Kwa hiyo katika zoezi la pili nimefuta swali «Noeli ni lini?» nikaandika: «Kwa jirani yako, Noeli ni lini, na kwa sababu gani?»